Kumpigia simu bosi wa zamani wa mwombaji kazi: namna ya kuuliza mpaka kazi yake halisi ionekane

"Huyo kijana hana tatizo." Ukishawahi kuajiri mtu, sentensi hiyo umeisikia. Unapiga simu kwa meneja aliyefanya kazi na mwombaji wako miaka mitatu, unauliza "alikuwaje?", unajibiwa kwamba hana tatizo, anajituma, anaheshimu watu, na mtu wa dini pia. Simu inaisha ndani ya dakika nne. Unaweka tiki kwenye faili na bado hujui chochote.

Meneja yule hakudanganya. Umemuuliza swali ambalo kwetu lina jibu moja tu la adabu. Mtu anatafuta kazi, na hakuna anayetaka kubeba lawama ya kumharibia mwenzake riziki kwa simu ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo kazi yako ni kuacha kumwomba hukumu na kumwomba kumbukumbu: nini kilitokea, lini, kilikuwa kiasi gani, nani alifanya. Hukumu utaitoa mwenyewe baadaye.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa stoo kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam: saruji, nondo, bati na rangi. Mwombaji aliyetuvutia alikuwa amesimamia stoo mbili kabla.

Maandalizi huanzia kwenye usaili

Simu nzuri hupangwa ukiwa umekaa na mwombaji mwenyewe. Kwa kila kazi aliyofanya, muulize aliripoti kwa nani, huyo mtu yuko wapi sasa, na kisha hili: "Nikimpigia bosi wako huyo, ataniambia wewe ni mzuri kwenye nini, na atalalamika kuhusu nini? Kati ya kumi atakupa ngapi?" Andika majibu neno kwa neno. Mtu anayejua kweli utapiga simu husema mengi kuliko angesema vinginevyo, na wewe unabaki na kitu cha kulinganisha.

Wa kwetu alisema mambo matatu. Alikuwa na watu tisa wa stoo na madereva wanne chini yake. Alipofika, kila mwisho wa mwezi walikuta pungufu ya mifuko 40 hadi 50 ya saruji, na alipoondoka pungufu haikuzidi mifuko 5. Na bosi wake angempa nane, akilalamika tu kwamba ni mkali kwa vibarua. Hayo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye simu.

Halafu chagua wa kumpigia. Matangazo mengi ya kazi, ya serikali yakiwemo, humtaka mwombaji aweke wadhamini watatu wa kuaminika, na watu huweka mchungaji, mjomba mwenye cheo na mhadhiri wa chuo. Waheshimiwa hao hawajawahi kumwona kazini. Wewe unataka mabosi wa moja kwa moja, wawili au watatu, wa miaka mitano hadi saba iliyopita. Ofisi ya utumishi ya kampuni aliyotoka itakuthibitishia tarehe na cheo, na mara nyingi hapo ndipo watakapokoma. Wana sababu yao: nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kutoa cheti cha utumishi, lakini haimlazimu kueleza tabia wala utendaji wa aliyeondoka. Tanzania nako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kiombe hicho cheti kwa ajili ya tarehe, utendaji ukautafute kwa bosi.

Ukiweza kumpata bosi ambaye naye amekwishahama kampuni ile, mpe kipaumbele. Hana ofisi ya kuilinda, na huongea kwa utulivu zaidi.

Mwombe mwombaji ridhaa ya maandishi, ikitaja majina ya utakaowapigia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Hata sheria zisingekuwepo, kuna jambo moja la kibinadamu: usimpigie bosi wake wa sasa kabla mwombaji hajakuruhusu. Watu wamepoteza kazi walizonazo kwa sababu ya simu kama hiyo, huku kazi mpya hawakuipata.

Hakikisha unaongea na mwenyewe

Hili nililijua kwa gharama. Miaka ya nyuma niliajiri keshia baada ya kuongea na "meneja" wake kwa dakika kumi, mtu mwenye sauti nzito na sifa tele. Miezi miwili baadaye niligundua kwamba yule meneja alikuwa binamu yake, fundi simu, na aliongea nami akiwa kibandani kwake. Zile kelele za watu nyuma yake nilidhani ni za ofisi yenye shughuli nyingi.

Siku hizi namba anayonipa mwombaji huwa nasaidiwa nayo kujua jina tu. Napiga simu ya mezani ya kampuni, au namba iliyo kwenye tovuti au bango lao, nauliza kama mtu huyo anafanya au alifanya kazi pale kwa cheo kile, kisha naomba kuunganishwa. Kuna wanaojifanya wanamtumia mtu hela kwa simu ili jina la usajili lijitokeze kabla ya kuthibitisha. Inasaidia kidogo, ila laini nyingi husajiliwa kwa jina la mke au la kampuni, usiifanye ushahidi.

Kwenye simu yenyewe, anza na maswali ambayo bosi wa kweli hujibu bila kufikiri na wa kubuni hujikwaa: kabla ya huyu nani alikuwa kwenye nafasi ile? Mzigo mlikuwa mnaupokea siku gani? Alipoondoka mlimweka nani? Binamu anajua sifa, lakini siku ya kupokea mzigo haijui.

Kuomba muda

Usipige ghafla ukategemea mtu aache kazi zake. Tuma ujumbe mfupi ukijitaja wewe, kampuni yako, jina la mwombaji na muda unaohitaji: "Naomba dakika ishirini, saa yoyote itakayokufaa kesho." Jumatatu asubuhi usiombe, na Ijumaa mchana ni ya swala. Mwisho wa mwezi watu wa stoo na mahesabu hawashikiki. Piga simu ya kawaida kwa salio lako, maana ya mtandao inakatika katikati ya sentensi uliyokuwa ukiisubiri kwa hamu.

Asipojibu ujumbe mara mbili, mrudie mwombaji mwenyewe amwombe bosi wake apokee. Hapo kuna kipimo cha bure. Aliyeacha jina zuri, bosi wake wa zamani hupokea siku hiyohiyo. Bosi mmoja asipopatikana si neno, watu wana mambo yao. Wote watatu wasipopatikana kwa wiki mbili, hilo nalo ni jibu.

Sentensi ya kwanza inaamua

Kwa bosi wa kwanza wa mwombaji wetu, mtu mzima wa miaka sitini hivi, nilifungua hivi:

"Shikamoo mzee. Ahsante kwa kunipa muda. Huyu kijana tumeshamwona na tumempenda. Sikupigii ili unipe sababu ya kumkataa. Atakayemsimamia ni mimi, nataka nijue nianze naye vipi, ili afanye vizuri na sisi tusiumie. Utakayoniambia yanabaki kwangu, yeye hatasikia kwamba yametoka kwako."

Ona kilichofanyika. Ule mzigo wa riziki umeondolewa mabegani kwake. Sasa akisema udhaifu hamharibii mtu, anakusaidia kumlea. Mabosi waliogoma kabisa kujibu "ana udhaifu gani?" nimewasikia wakiongea dakika kumi nzima walipoulizwa "nimsaidie wapi?" Lakini usiseme hivyo kama si kweli. Kama bado mna waombaji wanne mezani, sema mna waombaji wachache mnaowafikiria. Na ahadi ya siri ukiitoa, itunze.

Baada ya hapo nenda kwenye mambo makavu: alianza lini, aliondoka lini, cheo gani, aliripoti kwako moja kwa moja? Yanampasha moto, na yanapima wasifu. Ndipo nikaingia kwenye watu aliowasimamia.

"Watu wa stoo tisa, ndiyo," mzee alisema. "Madereva hapana. Madereva walikuwa na mtu wao wa usafirishaji. Ila gari likichelewa yeye ndiye alikuwa anapiga kelele."

Kitu kidogo, na kwenye usaili huwezi kukiona. Sikukiita uongo. Wanaosimamia upakiaji huona madereva kama watu wao. Nilikiandika tu pembeni.

Maswali yanayofungua

Swali langu kubwa huwa moja, nalirudia kwa sura mbalimbali: *nisimulie mara moja ambapo...* Nisimulie siku ambayo mambo stoo yaliharibika na yeye alikuwepo. Nisimulie kitu alichokianzisha ambacho mpaka leo mnakitumia. Jibu likija kwa sifa ("ah, mchapakazi sana"), lirudishe kwenye tukio kwa upole: "Nielewe hapo mzee, ni kitu gani ulikiona ukasema huyu mchapakazi?" Mara nyingi tukio linapatikana. Likikosekana baada ya kulitafuta mara mbili, sifa ile ilikuwa ya adabu.

Kwenye namba, usimpe mwenzio ile aliyokupa mwombaji. Ukisema "anasema alipunguza upotevu hadi mifuko mitano, ni kweli?" atasema ndiyo, kwa nini abishane? Mimi niliuliza: "Mkihesabu saruji mwisho wa mwezi, tofauti na leja ilikuwa kiasi gani alipoanza? Na alipoondoka?"

"Mwanzo ilikuwa mbaya, arobaini na kitu, kuna mwezi ilifika sitini. Mwishoni mitano, sita. Kawaida ya mifuko kupasuka."

"Nini kilibadilika?"

"Tuliacha kuhesabu mwisho wa mwezi, tukawa tunahesabu kila Jumamosi. Mtu akiiba Jumatano, Jumamosi anajulikana."

"Wazo lilitoka kwa nani?"

Akacheka kidogo. "Mhasibu. Lakini mhasibu saa kumi na moja anaondoka. Aliyekuwa anabaki na tochi mpaka saa mbili usiku ni huyu kijana. Zaidi ya mwaka mzima, kila Jumamosi."

Hapo ndipo simu ilipolipa. Namba ya mwombaji ilikuwa ya kweli, na aliyeileta si yeye peke yake. Tulichokuwa nacho si mbunifu wa utaratibu. Ni mtu ambaye ukimpa utaratibu mzuri anausimamia bila kuchoka. Kwa stoo yetu, ambayo utaratibu wake ulikuwa umeandikwa na kubandikwa ukutani bila wa kuufuata, huyo ndiye tuliyemhitaji. Kama ningekuwa natafuta mtu wa kufungua stoo mpya Dodoma peke yake, ningerudi nyuma. Swali la "wazo lilitoka kwa nani" usiliache kamwe, maana mafanikio ya kazini yana wazazi wengi kwenye wasifu.

Udhaifu nao uulize kwa tukio: "Alipokwenda likizo, nini kilikwama?" Nalipenda swali hili kuliko lote la udhaifu, kwa sababu halimtaki bosi amseme mtu. Linamtaka asimulie wiki mbili tu.

Mzee alinyamaza. Sasa, kwetu ukimya wa simuni una shida yake: ukinyamaza na wewe, mwenzio atasema "haloo? haloo?" akidhani mtandao umekata, na wazo linapotea. Mimi husema taratibu "nakusikiliza," kisha natulia. Alisema hivi: "Likizo yake ya kwanza tuliteseka. Kuna lori la nondo lilikaa pale getini tangu asubuhi mpaka alasiri, hakuna anayejua ziwekwe wapi. Vitu vyote viko kichwani mwake. Leja alikuwa anaijaza baada ya siku mbili, tatu."

Kumbuka mwombaji alitabiri lalamiko la ukali kwa vibarua. Mzee hakulitaja kabisa. Lalamiko halisi lilikuwa makaratasi, na mwombaji ama hakulijua ama alilificha. Tofauti kati ya alichotabiri na kilichosemwa ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote, na ndiyo sababu utabiri huandikwa mapema.

Alama na swali la kurudi

Karibu na mwisho omba alama kati ya kumi, ila saba isiruhusiwe. Saba ni pahali pa kujificha: haimsifii mtu wala haimwangushi. Mzee alipoanza na saba nikamwambia, kwa utani, kwamba hiyo tumeifuta. Akafikiri, akasema: "Basi nane kwa kazi ya mikono, tano kwa kalamu." Ukipewa alama, uliza kilichokosekana kufika ya juu yake. Jibu la "hakuna aliyekamilika isipokuwa Mungu" halikubaliki. Cheka naye, uliza tena.

Halafu: "Ungekuwa na nafasi leo, ungemrudisha?" Sikiliza kasi kuliko maneno. "Hata kesho!" inayotoka kabla hujamaliza swali ni kitu tofauti na "mm... inategemea na nafasi." Ukipata ya pili, uliza ni nafasi ipi angempa na ipi asingempa. Mzee alisema angemrudisha stoo, ila angemwekea karani.

Mwisho kabisa: "Nani mwingine alifanya naye kazi kwa karibu, ambaye unaona niongee naye?" Akanitajia yule mhasibu wa Jumamosi. Kwa kuwa mwombaji hakuwa amemweka kwenye orodha, nilimrudia kuomba ridhaa yake kwanza. Alikubali bila kusita, na hilo nalo nililiandika.

Kuna yasiyoulizwa: kabila, dini, ujauzito, afya, chama cha wafanyakazi. Bosi akiyaleta mwenyewe, yapitishe, usiyaandike.

Lugha ya kuficha

Bosi wa pili alikuwa mgumu. "Hana tatizo" mara tatu. Kwa watu kama yeye inabidi usikie kilichorukwa. Nikiuliza kuhusu uaminifu wa mali na nikajibiwa kuhusu kuwahi kazini, narudi palepale mara moja zaidi: "Na upande wa mali?" "Anajitahidi" maana yake mara nyingi ni kwamba hafiki. "Anahitaji kusukumwa kidogo" ina maana kwamba wewe ndiwe utakayesukuma. "Tuliachana vizuri" haijibu swali la kwa nini mliachana.

Lakini usigeuke mpelelezi. Huyu wa pili, nilipomuuliza kuhusu hesabu za mwisho wa mwezi, alikiri kwamba alikuwa bosi wake kwa miezi mitano tu kabla ya kuhamishiwa tawi jingine. Hakuficha kitu, hakuwa nacho. Ndiyo maana tarehe huulizwa mwanzo, na mimi siku ile nilikuwa nimezipita haraka.

Kuna pia bosi mwenye kinyongo, na bosi anayemsifia mtu ili amwondokee. Wote wawili wanapimwa kwa njia moja. Kinyongo husema "mjeuri, hana shukrani, utakuja kuniambia". Ukimwomba siku na tukio, anazidisha sifa mbaya tu. Mwenye hoja atakuambia ni mzigo gani, mwezi gani, na walimwandikia barua. Anayetaka kukutwika mtu naye husifu kwa mapana bila tukio hata moja, na ana haraka ya kujua ataanza lini.

Baada ya kukata simu

Andika palepale, kabla ya simu nyingine. Maneno yenyewe, "tano kwa kalamu", usiyageuze kuwa "ana changamoto za kumbukumbu". Usirekodi sauti bila kumwambia mwenzio. Weka karatasi tatu sambamba: alichosema mwombaji, bosi wa kwanza, wa pili. Linalotajwa na watu wawili wasiojuana ni la kweli mpaka likanushwe. Linalotajwa na mmoja ni swali la kumrudishia mwombaji, bila kutaja limetoka wapi.

Usizipe simu hizi uzito zisizo nao. Wanasaikolojia wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya tafiti za miaka 85 kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi mwaka 1998, uhusiano kati ya taarifa za wadhamini na utendaji wa baadaye ulikuwa 0.26, ilhali usaili wenye maswali yaliyopangwa ulifika 0.51 na kazi ya kujaribiwa 0.54, ambapo 1 ingekuwa ubashiri usiokosea. Kwa hiyo baada ya mzee kunitajia kalamu, sikumwondoa mwombaji. Nilimwita, nikampa hati za kupokelea mzigo za siku moja na leja tupu, nikamwambia aijaze. Alichukua dakika hamsini na kukosea mistari miwili, na yote miwili aliiona mwenyewe alipopitia upya.

Tulimwajiri kwa miezi mitatu ya matazamio na sharti moja lililoandikwa: leja imefungwa kila siku kabla ya saa kumi na moja jioni, na karani wa mauzo anaweka saini. Wiki ya tatu nilikuta siku mbili hazijajazwa. Kwa kuwa nilijua pa kuangalia, niliziona Jumatano badala ya mwisho wa mwezi.